Kulaza ukurasa mmoja wa jedwali pana kwenye Word bila kuvuruga nambari za kurasa

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga nyaraka za watu hapa Langoni, Lamu. Wanafunzi wanapokaribia kukabidhi miradi yao ya utafiti, swali huwa lile lile: jedwali haliingii kwenye ukurasa, nifanye nini? Wengi huja wakiwa wameshajaribu wenyewe. Mmoja amelaza ukurasa, na faili nzima ikalala nao. Mwingine amefaulu kulaza ukurasa mmoja, kisha akaona nambari zimeanza tena kwenye 1 katikati ya sura ya nne. Nimeandika hatua zote hapa ili uzifuate mwenyewe, faili ikiwa mbele yako.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Binti mmoja wa Kizingitini aliniletea utafiti wake kuhusu samaki wanaoshushwa pale kwao. Alikuwa na jedwali la safu wima 14: ya kwanza ni aina ya samaki, kuanzia changu na tafi hadi pweza na kamba, kisha miezi 12, kisha jumla. Ukurasa wake wa A4 uliosimama ulikuwa na pambizo ya sentimita 4 kushoto kwa ajili ya kushona kitabu, na sentimita 2.5 pande nyingine. Ukitoa hizo kwenye upana wa sentimita 21, unabaki na 14.5 za kuandikia. Gawa kwa safu 14, kila safu inapata sentimita moja na kidogo. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka na samaki wakipungua, tarakimu zilitosha. Miezi ya kaskazi, kilo 1,240 zilikatika zikawa 1,2 juu na 40 chini yake, na msomaji asingejua kama ni nambari moja au mbili.

Alikuwa amelaza ukurasa ule usiku uliotangulia. "Ami, jana jedwali lilikuwa ukurasa wa 23," akaniambia, "leo lina nambari 1, na ukurasa unaofuata nao una 1." Kwenye yaliyomo, Sura ya Tano iliyokuwa ukurasa wa 35 ilisomeka 12. Hakuwa amefuta kitu wala kubonyeza pabaya. Alifuata hatua sahihi, ila hatua moja ya mwisho hakuna aliyemwambia, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Unahitaji kompyuta yenye Word. Kuanzia toleo la 2016 kichupo tutakachotumia kinaitwa Layout. Kwenye 2007, 2010 na 2013 kinaitwa Page Layout, na kazi yake ni ile ile.

Hifadhi nakala ya faili kwa jina lingine kabla hujagusa chochote.

Washa alama zilizofichika. Bonyeza Ctrl+Shift+8, au bofya alama ya ¶ kwenye kichupo cha Home. Utaona alama ya ¶ mwisho wa kila aya. Mara ya kwanza zinakera macho, lakini bila hizo unafanya kazi gizani: vikomo tutakavyoviweka havionekani kwa njia nyingine kwenye ukurasa wa kawaida.

Kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ule mstari wa chini kabisa wa dirisha la Word, pale panapoandikwa idadi ya kurasa na maneno. Kwenye orodha itakayotokea, weka tiki kwenye Section. Kuanzia sasa Word itakuambia kila wakati uko sehemu ya ngapi ya faili. Huku ndiko kutakakokuonyesha kama kazi imekaa sawa.

Na jambo la mwisho: fanya kazi hii maandishi yakiwa yamekamilika. Ukilaza ukurasa leo kisha kesho msimamizi akakuongezea aya tatu juu yake, nafasi zitahama na utarudi kupanga upya.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Word haijui kulaza ukurasa. Inajua kulaza sehemu. Sehemu ni kipande cha faili kilichofungwa kwa kikomo, na kipimo cha karatasi, mwelekeo, pambizo na mtindo wa nambari za kurasa vyote ni mali ya sehemu. Kama faili yako ina sehemu moja tu, ukiilaza inalala yote. Kwa hiyo ukurasa wa jedwali unahitaji vikomo viwili, kimoja mbele yake na kimoja nyuma yake.

Ushike pia kwamba kikomo hubeba mipangilio ya maandishi yaliyo *kabla* yake. Utalihitaji hilo siku utakapotaka kukifuta.

Hatua

1. Weka kikomo cha kwanza. Peleka kishale mwanzo kabisa wa mstari wa jina la jedwali, kwa mfano mbele ya neno Jedwali kwenye "Jedwali 4.2". Usikiweke ndani ya jedwali, kwa sababu jina litabaki nyuma kwenye ukurasa uliosimama. Bofya Layout, kisha Breaks. Orodha ina makundi mawili. Shuka kwenye kundi la chini, Section Breaks, uchague Next Page.

Hapa ndipo wengi wanapokosea mara ya kwanza. Kundi la juu lina Page, ambayo ni sawa na kubonyeza Ctrl+Enter. Hiyo inasukuma maandishi kwenye ukurasa mpya tu, haitengenezi sehemu. Ukiitumia, faili yako yote italala kwenye hatua ya 3. Ukikosa uhakika, tazama mwisho wa ukurasa uliotangulia: lazima pawe na mstari wa nukta wenye maneno Section Break (Next Page).

2. Weka kikomo cha pili. Peleka kishale mwanzo wa aya ya kwanza inayofuata jedwali. Kama chini ya jedwali kuna mstari wa chanzo cha takwimu, kishale kiwe baada ya mstari huo, ili chanzo kibaki na jedwali lake. Rudia: Layout, Breaks, Next Page.

Kama kinachofuata jedwali ni kichwa cha mada, kwa mfano 4.3, mstari wa kikomo unaweza kurithi mtindo wa kichwa, na kwenye yaliyomo ukaona nambari tupu isiyo na maneno. Ukiona hivyo, weka kishale kwenye mstari wa kikomo na ubonyeze Ctrl+Shift+N ili uwe mstari wa kawaida.

Sasa bofya ukurasa ulio kabla ya jedwali, kisha jedwali lenyewe, kisha ukurasa wa baada yake, ukitazama mstari wa chini wa dirisha. Nambari ya Section inapaswa kupanda kwa moja kila mara. Faili ya yule binti ilikuwa na kurasa za mwanzo zenye nambari za Kirumi, nazo zilikuwa sehemu ya 1. Mwili wa kazi ukawa sehemu ya 2, jedwali sehemu ya 3, na yaliyobaki sehemu ya 4. Nitatumia nambari hizo. Kama yako haina kurasa za Kirumi, punguza moja.

3. Laza sehemu ya jedwali. Bofya popote ndani ya ukurasa wa jedwali, bila kuchagua maandishi yoyote. Bofya Layout, Orientation, Landscape. Ukurasa huo peke yake unalala. Punguza ukubwa wa mwonekano uone kurasa kadhaa kwa pamoja: wa kabla umesimama, wa jedwali umelala, wa baada umesimama.

4. Kagua pambizo. Karatasi ikigeuka, pambizo nazo huzunguka. Kitabu kikishonwa, upande wa kushoto wa karatasi iliyosimama unakuwa upande wa juu wa ukurasa uliolala, kwa hiyo zile sentimita 4 za kushonea zinatakiwa ziwe juu. Bofya Layout, Margins, Custom Margins usome kilichoandikwa. Kwa mfano wetu iwe Top 4, na Bottom, Left na Right 2.5 kila moja. Chini ya kisanduku, Apply to isomeke This section. Ikisomeka Whole document, usibofye OK kabla ya kuibadilisha, maana utageuza pambizo za faili nzima.

Kwa pambizo hizo upana wa kuandikia umetoka sentimita 14.5 hadi 24.7.

5. Tandaza jedwali. Jedwali halipanuki lenyewe ukurasa unapolala. Bofya ndani yake, vichupo viwili vya jedwali vitatokea juu. Nenda kwenye kile cha Layout cha jedwali (matoleo mapya yanakiita Table Layout), bofya AutoFit, kisha AutoFit Window. Jedwali litajaa kutoka pambizo hadi pambizo.

Kisha ipe safu ya majina nafasi yake. Shika mstari ulio kati ya safu ya kwanza na ya pili, uvute hadi majina yaenee bila kukatika. Chagua safu 13 zilizobaki, bofya Distribute Columns zigawane kilichobaki sawasawa. Kwa binti yule, safu ya majina ilichukua sentimita 3.5, na kila mwezi ukapata kama 1.6. Ile 1,240 ikakaa mstari mmoja kwa maandishi ya ukubwa wa 10.

Jedwali likiwa refu kuliko ukurasa mmoja, chagua mstari wake wa juu na ubofye Repeat Header Rows, ili majina ya miezi yajirudie kwenye ukurasa wa pili.

6. Endeleza nambari za kurasa. Hii ndiyo hatua aliyoikosa.

Unapoikata sehemu moja kuwa tatu, vipande vyote hurithi mipangilio ya sehemu ya zamani. Mwili wa kazi yake ulikuwa umeagizwa kuanza nambari kwenye 1, kwa sababu kabla yake kulikuwa na kurasa za Kirumi. Ilikuwa agizo sahihi kwa sehemu moja. Baada ya kukatwa, sehemu ya 3 ikapokea agizo lile lile, na sehemu ya 4 vilevile, kila moja ikaanza kwenye 1. Ndiyo sababu alikuwa na 1 mbili zinazofuatana, na Sura ya Tano ikasomeka 12 badala ya 35: Word ilianza kuhesabu upya ukurasa mmoja baada ya jedwali.

Fanya hivi. Bofya mara mbili sehemu ya chini ya ukurasa wa jedwali, pale inapokaa nambari. Eneo hilo, kijachini, litafunguka na utaona kibandiko kimeandikwa Footer -Section 3-. Kwenye kichupo kilichotokea, bofya Page Number, kisha Format Page Numbers. Chini ya kisanduku kuna chaguo mbili. Ondoa kwenye Start at, weka kwenye Continue from previous section, kisha OK. Ukurasa wa jedwali utasoma 23.

Bofya Next kwenye kichupo hicho hicho. Kibandiko kitakuwa Footer -Section 4-. Rudia vilevile. Ukurasa utasoma 24.

Sehemu ya 2 usiiguse. Hiyo ndiyo inayopaswa kubaki na Start at 1. Ukiigeuza nayo, mwili wa kazi utaendelea kutoka kwenye kurasa za Kirumi na Sura ya Kwanza haitaanza ukurasa wa 1.

7. Usikate kiungo cha vijachini. Ukiwa bado kwenye kijachini, tazama upande wa kulia. Utaona maneno Same as Previous, na kitufe cha Link to Previous kimewashwa. Kiache hivyo.

Natilia mkazo hapa kwa sababu watu wengi wameambiwa kwamba lazima kiungo kikatwe. Wakikata, kijachini cha sehemu ya jedwali kinajitegemea. Kisha wanakifuta na kuandika 23 kwa mkono. Aya moja ikiongezeka juu, jedwali linahamia ukurasa wa 24, na ile 23 ya mkono inabaki palepale. Nimeziona kazi zilizoshonwa tayari zikiwa na 23 mbili. Kiungo kikibaki, kijachini kinachotumika ni kimoja na Word inahesabu yenyewe. Kuendeleza nambari na kuunganisha vijachini ni mambo mawili tofauti: la kwanza linaamua nambari ipi, la pili linaamua kijachini kina nini na kimepangwaje.

8. Kagua nambari imekaa wapi. Kama nambari iliwekwa katikati kwa njia ya kupanga aya, itajisogeza hadi katikati ya ukurasa uliolala bila wewe kufanya lolote. Kama imebaki upande wa kushoto wa katikati, kuna aliyetumia kitufe cha Tab. Kwa kuwa umewasha alama zilizofichika, utaona mshale mdogo kabla ya nambari. Tab huisogeza nambari kwa umbali uliopimwa kwa ukurasa uliosimama, haujui kwamba karatasi imepanuka. Futa mshale, acha kishale kwenye mstari wa nambari, bonyeza Ctrl+E. Ikiwa unataka nambari iwe kulia, Ctrl+R. Kwa sababu vijachini vimeungana, ukirekebisha kimoja vyote vimerekebika.

Kama mstari huo una jina la kazi kushoto na nambari kulia, kupanga aya hakutoshi. Futa mshale wa Tab, acha kishale mbele ya nambari, na kwenye kichupo cha kijachini bofya Insert Alignment Tab. Chagua Right, na Align relative to iwe Margin. Hii inafuata pambizo ya ukurasa wowote, uwe umesimama au umelala.

9. Sasisha yaliyomo. Orodha ya yaliyomo haijirekebishi papo hapo. Bofya ndani yake, bonyeza F9, chagua Update page numbers only. Fanya vivyo hivyo kwa orodha ya majedwali kama unayo.

Kama chuo kinataka nambari isimame

Vyuo vingine vinataka nambari ya ukurasa uliolala iwe mahali pale pale panapokaa nambari nyingine kitabu kikishikwa kwa kusimama. Hapo tu ndipo ninapokata kiungo, na mpangilio wa kukata una maana kubwa.

Anza na sehemu ya *baada* ya jedwali. Fungua kijachini cha sehemu ya 4, zima Link to Previous. Kisha rudi sehemu ya 3, zima pia. Ukianza na ya 3 ukasahau ya 4, chochote utakachokifuta kwenye jedwali kitafutika kwenye kurasa zote zinazofuata.

Sasa, ukiwa ndani ya kijachini cha sehemu ya 3, futa nambari iliyopo. Bofya Insert, Text Box, Draw Text Box, uchore kisanduku kidogo kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa uliolala, katikati ya urefu wake. Kwa kitabu kilichoshonwa, ukingo huo ndio utakaokuwa chini. Kishale kikiwa ndani ya kisanduku, rudi kwenye kichupo cha kijachini: Page Number, Current Position, Plain Number. Kisha kwenye kichupo cha kisanduku bofya Text Direction, Rotate all text 90°, na uondoe mstari wa pembeni kwa Shape Outline, No Outline. Nambari hiyo bado inahesabiwa na Word, hujaiandika kwa mkono. Chapa karatasi hiyo moja, iweke katikati ya nyingine mbili, uishike kama kitabu uone.

Pakiharibika

*Ukurasa wa jedwali hauna nambari kabisa.* Fungua kijachini chake. Kibandiko kikisoma First Page Footer, basi sehemu ya zamani ilikuwa imeagizwa kuficha nambari kwenye ukurasa wake wa kwanza, na vipande vyote vimerithi. Sehemu ya jedwali ina ukurasa mmoja tu, na huo ndio wa kwanza, kwa hiyo unafichwa. Toa tiki kwenye Different First Page ukiwa sehemu ya 3, kisha nenda sehemu ya 4 utoe tena. Iache kwenye sehemu inayoihitaji kweli.

*Kurasa zote zinazofuata jedwali nazo zimelala.* Kikomo cha pili hakipo. Bonyeza Ctrl+Z hadi kabla ya hatua ya 3, uweke kikomo, kisha ulaze tena.

*Nilifuta kikomo kilicho mbele ya jedwali, na sura yote ya nyuma imelala.* Kikomo kilikuwa kimebeba mipangilio ya maandishi yaliyo kabla yake. Kilipoondoka, maandishi hayo yakajiunga na sehemu inayofuata, iliyolala. Ctrl+Z. Ukitaka kweli kurudisha kila kitu kisimame, kwanza ifanye sehemu ya jedwali iwe Portrait, kisha ndipo ufute vikomo viwili.

*Kuna ukurasa mtupu uliolala baada ya jedwali.* Jedwali limejaa hadi chini, na Word hailiachi jedwali bila aya baada yake. Aya hiyo tupu, yenye kikomo ndani yake, imekosa nafasi ikavuka ukurasa. Chagua aya hiyo pamoja na kikomo chake, andika ukubwa wa maandishi 1, na kwenye mpangilio wa aya weka nafasi ya kabla na ya baada 0, na Line spacing iwe Exactly 1 pt. Itarudi. Ikiwa kwenye ukurasa huo mtupu unaona maneno Page Break, basi ni Ctrl+Enter ya zamani iliyosahaulika. Ifute.

*Ukurasa ulio kabla ya jedwali umebaki nusu mtupu.* Hilo si kosa la kikomo. Maandishi yaliishia hapo ulipokata. Chukua aya moja au mbili zinazofuata jedwali, zihamishie kabla ya kikomo cha kwanza, na kwenye maandishi umwelekeze msomaji kwa kusema "tazama Jedwali 4.2". Jedwali si lazima likae mara tu baada ya sentensi inayolitaja. Binti wa Kizingitini alihamisha aya mbili za uchambuzi na ukurasa wa 22 ukajaa.

*Nyumbani iko sawa, kwenye kompyuta ya kuchapia imevurugika.* Kompyuta ile huenda ina toleo lingine la Word au haina fonti uliyotumia, kwa hiyo mistari imehama. Usipeleke faili ya Word kwenye kuchapa. Bofya File, Save As, na kwenye aina ya faili uchague PDF. Ifungue hiyo PDF, uende ukurasa wa 22, 23 na 24, uzisome nambari kwa macho yako, kisha uipeleke.